Taa za sola uani zinazima saa tatu, na wageni ni Jumamosi

*Jumatano jioni*

Salma: Shikamooni wakubwa. Jumamosi wageni tunawapokea hapa uani, na umeme wetu mnaujua. Nimepamba kwa taa za sola: kumi na mbili za kuchomeka chini kando ya njia, fanusi nne kwenye matawi ya mti, na ile kamba ndefu ya vitaa vidogo ukutani. Zikiwaka panapendeza kweli. Ila zinawaka saa moja, ikigonga saa tatu njia giza. Wageni ndio kwanza watakuwa wanakaa!

Juma: Dada hizo ni betri tu. Zinazokuja nazo ni ndogo, zinabeba chaji ya mAh 600 tu. Nakuletea za 1200, zitawaka mara mbili.

Shangazi Rehema: Marahaba Salma. Yangu mimi ya barazani ina visa. Umeme ukiwepo haiwaki ng'o. Umeme ukikatika tu, hiyo, inawaka yenyewe. Nimewaambia watoto taa hii inatusikitikia 😂

Mwajuma: Huyu ni Bibi anaandika kwa simu yangu. Salma mjukuu wangu, hizo taa zinachaji simu? Yangu imezima tangu mchana.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Bibi shikamoo, hizo hazichaji simu, betri zake ni ndogo mno. Salma, zote zinazima saa tatu au kuna zinazofika mbali?

Salma: Ngoja nikumbuke… Tatu za karibu na geti huwa naziona hata saa sita usiku. Zinazokufa mapema ni hizi tisa za huku chini ya mti, pamoja na fanusi zote.

Mjomba Hamisi: Ulizinunua siku moja?

Salma: Za njia zote boksi moja.

Mjomba Hamisi: Basi Juma asitoe hela bado. Taa za boksi moja, betri za aina moja, tatu zinakesha na tisa zinalala. Kilichotofautiana ni jua. Taa kama hizo niliwahi kuipima kwa mita. Juani kabisa paneli yake ilitoa kama miliampea 50. Usiku taa yenyewe ilikula karibu hizo hizo 50. Kwa hiyo saa moja ya jua haikupi hata saa moja kamili ya mwanga, kwa sababu betri hairudishi yote uliyoitia. Nikaisogeza kivulini, ikashuka hadi 5.

Juma: 5 tu? Kivulini si mwanga upo?

Mjomba Hamisi: Macho yetu yanajirekebisha, paneli haijirekebishi. Wewe unaona pako kweupe, yenyewe inaona jioni. Tena sio lazima kivuli kiifunike yote. Kile kipaneli kina vipande vimeungwa kwa kufuatana, ndiyo hiyo mistari unayoiona. Jani moja likikalia kipande kimoja, na vingine vinabanwa. Salma, chini ya mti hapo jua la wazi linapiga saa ngapi hadi saa ngapi?

Salma: Labda kuanzia saa nane hivi mpaka saa kumi na moja. Asubuhi yote ni kivuli.

Mjomba Hamisi: Saa tatu za jua, tena la kuelekea jioni. Unapata saa mbili na kidogo za mwanga. Saa moja mpaka saa tatu. Hesabu yako hiyo.

Shangazi Rehema: Na yangu shemeji? Nimeuliza mapema.

Mjomba Hamisi: Yako haina ubovu shemeji. Taa hizi hazina jicho la pembeni, paneli yenyewe ndiyo inayoiambia taa kwamba usiku umeingia. Paneli ikiacha kupata mwanga, taa inawaka. Yako umeitundika karibu na balbu ya baraza, si ndiyo? Balbu ikiwaka, yenyewe inadhani bado mchana. Isogeze mbali na balbu, au igeuze paneli isiione.

Shangazi Rehema: Balbu iko juu yake kabisa. Sasa nikiisogeza si itakuwa inawaka kila siku hadi chaji iishe, umeme ukikatika usiku wa manane nikose? Mimi naiacha hapo hapo.

Mjomba Hamisi: Haya, hapo umenishinda.

Juma: Mjomba bado sijaelewa kwa nini betri ya 1200 isisaidie.

Mjomba Hamisi: Bomba likidondosha matone usiku kucha, ukibadilisha ndoo ndogo ukaweka kubwa maji hayaongezeki. Kwa jua la saa tatu hujazi hata hiyo 600.

*Alhamisi asubuhi*

Salma: Mjomba mti siukati lakini 😅 Na njia inapita chini yake, wageni lazima wapite hapo.

Mjomba Hamisi: Usiukate. Mchana taa zikae juani, mapambo ni ya jioni. Zing'oe hizo tisa, zichomeke penye wazi tangu asubuhi, fanusi nazo zishushe uziweke juani paneli ikiangalia juu. Jumamosi kwenye saa kumi na mbili jioni ndipo uzirudishe. Ile kamba usiiguse, hamisha paneli yake tu, si ina waya?

Salma: Ina waya mrefu. Nimeichomeka pembeni ya ukuta.

Mjomba Hamisi: Upande ambao ukuta unaikinga jua asubuhi au mchana?

Salma: 🙈 Asubuhi. Naihamisha.

Mjomba Hamisi: Iinamishe kidogo kuelekea jua la mchana, maji ya mvua na vumbi visikae juu. Na zote uzifute kwa kitambaa chenye maji. Vumbi la uani linapunguza chaji kuliko watu wanavyodhani.

Mwajuma: Kwa hiyo kwa siku moja ya jua zuri zitawaka saa ngapi?

Mjomba Hamisi: Jua la saa sita, tuseme saa nne mpaka tano za mwanga. Saa moja hadi saa sita kasoro. Ila leo ni Alhamisi, tuna siku tatu, tunaweza kufanya vizuri zaidi. Leo usiku na kesho usiku zisiwake. Chaji ya leo ibaki, ya kesho iongezeke juu yake.

Shangazi Rehema: Uongo. Mimi niliwahi kuzima fanusi wiki nzima ikiwa juani ili ijae. Siku ya siku nikaiwasha, giza!

Mjomba Hamisi: Si uongo shemeji, ulikutana na swichi. Taa nyingi za bei nafuu swichi ikizimwa inakata betri na kila kitu, hata paneli. Jua linapiga wiki nzima, ndani hakiingii kitu. Nyingine zinachaji hata zikiwa zimezimwa, na kwa nje huwezi kuzijua. Kwa hiyo Salma usibahatishe: asubuhi washa swichi zote, jioni kabla giza halijaingia zima zote. Hapo za aina zote mbili zinachaji.

Salma: Taa kumi na sita, asubuhi na jioni. Watoto watapata kazi.

Juma: Mjomba sasa hapo si betri kubwa ingefaa? Unalimbikiza siku tatu.

Mjomba Hamisi: Hapo una hoja. Kama mtu anawasha mara moja kwa wiki na siku nyingine anazima, betri kubwa inamfaa. Ila kwa Jumamosi hii, siku tatu za jua zitaijaza 600 basi, na 600 iliyojaa inakuvusha usiku wa manane. 1200 ingebaki nusu tupu.

*Ijumaa mchana*

Juma: Nilishanunua 🙃 Nne tu, za fanusi. Zinaingia vizuri kabisa. Zimeandikwa 3.2V 600mAh.

Mjomba Hamisi: Usizitie! Za zamani zimeandikwaje?

Salma: Ni-MH AA 1.2V 600mAh.

Mjomba Hamisi: Umbo moja, mambo mawili tofauti. Hiyo 3.2 ni ya lithiamu, taa yako imetengenezwa kwa 1.2. Taa inaweza kuungua, na betri yenyewe haitachajiwa inavyotakiwa. Rudisha dukani Juma. Na wala usitie betri za kawaida za redio, hizo si za kuchajiwa, zitavuja humo ndani.

Juma: Sawa Mjomba. Nilitazama 600 peke yake.

Salma: Nimefungua moja ya njia ambayo sasa haiwaki kabisa. Spring ina unga mweupe na kijani.

Mjomba Hamisi: Maji yaliingia au betri imevuja. Ikwangue kwa msasa mpaka chuma king'ae, unawe mikono. Kisha chukua betri ya taa nzima ya geti uitie humo, ya humo uitie kwenye ya geti. Funika paneli kwa kiganja. Hiyo mbovu ikiwaka, shida ilikuwa betri. Isipowaka, shida ni taa yenyewe.

Salma: Imewaka! Na ya geti imegoma.

Mjomba Hamisi: Basi betri hiyo imekwisha. Juma akirudisha zile, abadilishe moja kwa ya 1.2.

Mwajuma: Jamani tuzungumzie urembo pia. Mimi naona zile za mwanga mweupe ndizo zinaonekana. Hizi za njano hafifu.

Shangazi Rehema: Weupe ule unaita wadudu wote wa mtaa. Njano ndiyo inakalika.

Mjomba Hamisi: Kwa wadudu shangazi yenu yuko sahihi, njano inawavuta wachache kuliko nyeupe, ila haiwafukuzi. Na hizi hata ziwe nyeupe, usitegemee kuonana sura. Zinaonyesha njia na ukingo wa ngazi, basi. Fanusi usizirudishe juu mtini, majani yanameza mwanga. Ziweke chini karibu na ukuta uliopakwa chokaa, ukuta utaurudisha.

Mwajuma: Mtini zinapendeza kwenye picha lakini.

Salma: Mbili mtini, mbili ukutani. Tusigombane.

*Jumapili asubuhi*

Salma: Asanteni sana. Umeme ulikatika saa mbili kasorobo na hakuna aliyeshtuka. Za njia nimelala nikaziacha zinawaka, ilikuwa imepita saa saba. Kamba ilikesha hadi alfajiri, sikutegemea.

Mjomba Hamisi: Kamba ina betri kubwa na paneli kubwa. Na fanusi?

Salma: Za ukutani safi. Za mtini zilizima saa nne zote mbili. Nimebadilishana betri na za ukutani leo asubuhi nikafunika paneli, zote zinawaka. Kwa hiyo sijui.

Juma: Labda watoto hawakuziwasha Ijumaa asubuhi.

Salma: Wanaapa waliziwasha. Ijumaa kulikuwa na mawingu lakini mawingu yalikuwa ya zote.

Mjomba Hamisi: Zifute paneli zikauke, kisha uziangalie kwa ubavu. Kama sura yake ni ya ukungu, kama kioo kilichopigwa na mvuke, basi ile gundi ya juu imechakaa kwa jua na hakuna kitambaa kitakachoitoa. Piga picha ya hizo mbili na moja ya ukutani ziwe pamoja, utume hapa.

Shangazi Rehema: Na mimi nipige ya kwangu?

Mjomba Hamisi: Yako si umesema inabaki hapo hapo chini ya balbu shemeji?

Shangazi Rehema: Inabaki. Jana usiku ilifanya kazi yake.