Apu ya kukodisha vyumba yakataa picha zangu, huduma kwa wateja wanarudia "futa, uweke upya"

MwenyeNyumba_Shela: Nimechoka! Wageni waanza kuulizia, na vyumba vyangu havina picha hata moja kwenye apu. Nikipandisha picha, inajaza mpaka mwisho, halafu yatokea `Upload failed`. Nimewaandikia "picha hazipandi, tafadhali nisaidieni", wakaniambia nifute apu niiweke upya. Nimefuta, nimeweka, mambo ni yale yale. Nikaandika tena, nikapewa jibu lile lile neno kwa neno. Hawa husoma kweli?

Kisiwani254: Dada, huo ni mtandao tu. Jaribu usiku wa manane.

FundiSimu_Langoni: Mtandao mbovu kwa kawaida hukatia njiani. Hii yafika mwisho ndipo inakataliwa. Bi, hapo chini hapana namba?

MwenyeNyumba_Shela: Ipo, kwa maandishi madogo: 413.

FundiSimu_Langoni: Hiyo ni seva inasema faili limezidi ukubwa inaokubali. Kufuta apu hakugusi kitu. Lakini wathibitishie. Tazama ukubwa wa picha kwenye maelezo yake, kisha jitumie WhatsApp kama picha ya kawaida, maana huko hupunguzwa. Ihifadhi, uipandishe kwa waifai ile ile.

BahariYaManda: Mimi apu yangu ya boti imekula nauli na tiketi sijaiona!

FundiSimu_Langoni: Pole kaka, hiyo ni kesi nyingine. Weka pembeni namba ya muamala.

MwenyeNyumba_Shela: Ya kwanza MB 7.4, imekataa. Ya WhatsApp KB 310, imepanda papo hapo!

FundiSimu_Langoni: Basi waandikie hivi:

"Picha kubwa ya chumba yakataliwa kwa 413. Nafungua Vyumba, nachagua chumba, nabonyeza Ongeza picha, nachagua picha ya MB 7.4. Nilitarajia ipande, yatokea `Upload failed`, 413, kila nikirudia. Picha hiyo hiyo ikiwa KB 310 yapanda, waifai ile ile. Imetokea 20:14, saa za Afrika Mashariki."

Ongeza aina ya simu, toleo la Android na toleo la apu. Skrinshoti iwe ya skrini nzima, usikate saa ya juu: kwa saa hiyo watalitafuta ombi lako kwenye kumbukumbu za seva. Na usiandike "saa mbili usiku", andika kama simu inavyoonyesha, huenda anayesoma hahesabu saa kama sisi. Namba za simu za wageni zifunike.

Kisiwani254: Mbona yangu ya MB 2 nayo imekataa, na haina namba yoyote?

FundiSimu_Langoni: Bila namba siwezi kukuambia. Kama ni ya aifoni, tazama faili linaishia na nini. Ikiwa ni `.heic`, ibadilishe iwe `.jpg` ujaribu tena.

MwenyeNyumba_Shela: Nimetuma. Safari hii amejibu mtu mwingine: amerudia hatua zangu, kwake pia imekataa, amewapelekea mafundi. Lini watarekebisha, hakusema. Na mimi picha za WhatsApp siziweki! Nakshi za mlango zimekuwa ukungu mtupu, nani atalipia chumba asichokiona?