Tunahamia Tanga kutoka Uingereza: gari na vyombo vya nyumba, msamaha wa forodha ukoje?

Kipepeo_Leeds
Wakuu, heshima kwenu. Tunarudi nyumbani moja kwa moja, Tanga. Mimi natangulia, tiketi ni ya 15 Agosti, kazi inaanza Septemba. Mke wangu na watoto wanabaki Leeds hadi katikati ya Desemba, shule zikifungwa. Tuna vyombo vya nyumba ya vyumba vitatu na gari, RAV4 ya 2015, tulilonunua 10 Oktoba mwaka jana. Kadi ya gari (V5C) ina jina la mke wangu. Nilipanga kupakia vyote kwenye kontena la futi 40 wiki moja kabla sijaondoka. Nasikia anayehama hasamehewi kodi hivi hivi, kuna masharti. Gari litapita? Na hiyo orodha ya vitu inaandikwaje? Kampuni ya kufungasha imenitumia fomu ya ukurasa mmoja tu.

Chuma_Chakavu
Gari la 2015 sahau mkuu. Likizidi miaka minane haliingii, uza huko huko ununue jingine.

Mzee_wa_Kurasini
Chuma, hiyo ya miaka minane kukatazwa kuingia ni ya Kenya. Kwetu gari kuukuu linaingia, ila uchakavu una tozo yake.

Kipepeo, simamisha kwanza hilo kontena. Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha hadi nikastaafu, na safari kama yako nimeziona zikikwama kwa tarehe tu. Kinachotumika ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tano. Anayehamisha makazi anasamehewa nguo, vitu vya nyumbani alivyokuwa akivitumia kule anakotoka, na gari moja. Gari hilo awe amelimiliki mwenyewe na kulitumia nje ya Jumuiya kwa miezi isiyopungua 12, na siku za baharini hazihesabiwi. Ukipakia Agosti, gari lina miezi kumi. Na hata hiyo kumi si yako, ni ya shemeji, yaani mkeo, maana kadi ina jina lake.

Kipepeo_Leeds
Basi nibadilishe jina liwe langu kabla ya kusafiri?

Mzee_wa_Kurasini
Usithubutu! Ukibadilisha leo, umiliki wako unaanza leo na tarehe mpya inasomeka pale pale kwenye kadi. Acha jina la shemeji. Yeye naye anahama, ni mtu mzima, kwa hiyo ana haki yake mwenyewe ya msamaha. Aendelee kuliendesha. Ikifika 10 Oktoba ametimiza mwaka, mkipakia katikati ya Novemba ana miezi 13 na ushahidi wa bima kwa jina lake, risiti za gereji, na vyeti vya MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, vinavyoonyesha maili zikipanda. Wewe tangulia na masanduku yako ya nguo.

Jambo la pili ni siku 90. Mzigo usiosafiri nawe unatakiwa uingie ndani ya siku 90 tangu mwenye mzigo afike. Kamishna anaweza kuongeza muda, lakini jumla isizidi siku 360, na unaomba kwa barua. Ungekuwa unadai wewe, siku 90 kutoka 15 Agosti zinaisha 13 Novemba. Akidai shemeji, saa inaanza kuhesabu siku anayotua Desemba.

Mama_Nassra
Samahani kuingilia. Mimi niko Maskati, nataka kumtumia mama Pemba pipa mbili za vyombo na friji mpya. Huu msamaha na mimi unanihusu?

Mzee_wa_Kurasini
Hapana dada. Wewe unatuma, huhami. Hizo zinalipiwa kama bidhaa nyingine.

Binti_wa_Makorora
Shemeji yangu alirudi kutoka Birmingham, alipakia kwenye kontena la pamoja, lile la wakala anayekusanya mizigo ya watu wengi. Hati ya shehena ikatoka kwa jina la wakala. Alipofika forodhani akaulizwa mzigo wake uko wapi kwenye karatasi. Ilibidi wakala aandike upya hati ya kila mtu, na muda wote huo tozo za kuhifadhi zinapanda. Kwa hiyo hakikisha jina kwenye hati ya shehena, orodha ya vitu, kadi ya gari na pasipoti ni lile lile, herufi kwa herufi. Shemeji yangu huyo alikuwa na jina la baba kwenye pasipoti na la mume kwenye kadi ya gari. Loo!

Mzee_wa_Kurasini
Binti kasema kweli. Sasa hiyo orodha. Fomu ya wafungashaji ni ya kwao, mara nyingi wanaandika "vitu vya jikoni" na herufi PBO, yaani mwenyewe ndiye aliyefunga na wao hawajui kilichomo. Afisa akiona hivyo anaagiza boksi lifunguliwe, na bima nayo hukwepa kulipia kilichovunjika humo. Andikeni yenu. Kila boksi lina namba kubwa iliyoandikwa pande mbili, na namba hiyo ndiyo inayoongoza mstari. Mfano wa boksi 14: "sufuria za chuma 5, zilizotumika, za 2019, blenda 1, Kenwood, imetumika, namba ya mashine...; sahani za udongo 18; thamani pauni 70." Vya umeme viandikiwe namba ya mashine. Thamani iwe ya kitu kilivyo leo, si bei ya dukani wala sifuri. Sifuri inamfanya afisa akadirie mwenyewe.

Vipya visifichwe. Televisheni iliyo ndani ya boksi lake la dukani haijawahi kutumika nyumbani kwenu, haina msamaha. Andika kwenye ukurasa wa pekee "vipya, vya kulipiwa". Jora la kitambaa halimo kwenye msamaha hata kama ni la mama mkwe, na simu sita za zawadi zinaonekana za biashara. Nimeona simu kama hizo zikisababisha kontena zima litolewe nje boksi moja moja.

Kipepeo_Leeds
Mzee Mungu akuzidishie. Je, kontena liondoke lini?

Mzee_wa_Kurasini
Lifike baada ya shemeji kufika, lisimtangulie. Likitangulia, hakuna mdai wa msamaha na tozo za bandari zinaanza bila mwenyewe. Mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kwa hiyo muulize wakala wa meli muda wa sasa, si wa zamani. Shemeji atunze barua ya kuacha kazi, mkataba wa nyumba uliofungwa, na pasipoti yenye mihuri yake. Hizo ndizo zinazoonyesha amehama, si likizo.

Chuma_Chakavu
Sawa, nimekosea nchi. Lakini akikaa na gari miaka minne anaruhusiwa kuliuza, si ndiyo?

Mzee_wa_Kurasini
Hiyo minne ni ya kitu kingine. Ukishapewa msamaha wa gari, hupewi wa gari jingine mpaka umelitumia la kwanza miaka isiyopungua minne. Kuuza ni shauri jingine: kilichosamehewa kikienda kwa asiyestahili, ushuru unadaiwa. Asiuze bila kupita forodha kwanza.

Kipepeo_Leeds
Na ile tozo ya uchakavu, msamaha unaifuta?

Binti_wa_Makorora
Shemeji yangu alilipa.

Mwana_Chumbageni
Jirani yangu hakulipa, na gari lake lilikuwa la zamani kuliko hilo.

Mzee_wa_Kurasini
Ndiyo maana barua kwa forodha iandikwe sasa, kabla ya kupakia. Iulize tozo moja moja kwa jina, iwe na nakala ya kadi ya gari, na jibu lije kwa maandishi. Jibu la mdomo la dirishani halikusaidii siku ya kutoa mzigo.