Hundi imepotea na sina hakika na namba yake: nizuie vipi malipo?

Mweka Hazina
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Ijumaa nilimwandikia fundi wetu hundi kutoka akaunti ya kikundi, naye akaipoteza kabla ya kuipeleka benki. Nilipiga simu tawini kuomba isilipwe, nikataja namba 000418, jina la fundi na kiasi. Jioni nikagundua kuwa vishina vya 000417 na 000418 vyote viko vitupu, kwa sababu siku ile nilikata karatasi mbili na moja nikaichana baada ya kukosea jina. Sasa sijui iliyopotea ni ipi, na fundi anataka hundi nyingine leo.

Bahari Tulivu
Usihangaike. Jina na kiasi umevitaja, kwa hiyo benki wataitambua hata namba ikiwa si yenyewe. Mimi simu tu ilinitosha.

Mhasibu Mstaafu
Ndugu Bahari, simu husaidia kushikilia mambo kwa muda, lakini kuhusu namba sikubaliani nawe, kwa sababu namba ndiyo inayowekewa zuio kwenye mfumo. Huko Uingereza, katika kesi ya Westminster Bank dhidi ya Hilton iliyoamuliwa mwaka 1926, mteja alituma telegramu yenye jina na kiasi sahihi lakini namba isiyo yenyewe. Hundi ilipofika ikiwa na namba nyingine, benki ilidhani ni ile iliyoandikwa badala ya iliyozuiwa, ikalipa, na mteja akashindwa mahakamani.

Mweka Hazina, hatari yako ni hiyo hiyo. Kwanza uliza kama mojawapo imekwisha kulipwa. Kisha andika barua ya kuzuia zote mbili, kwani kuizuia iliyochanwa hakuna hasara isipokuwa ada, isainiwe na watia saini wote wa akaunti, na nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe na saa ya kupokelewa. Hundi mpya isitoke kabla benki haijathibitisha zuio kwa maandishi, na fundi asaini ahadi ya kurudisha ya zamani akiiona.

Mama Wawili
Mimi nilipoteza hundi niliyolipwa na mwajiri, na benki yangu ikakataa kuizuia. Je, nami niandike barua hiyo?

Mhasibu Mstaafu
Hapana, dada. Anayeweza kuizuia ni mwenye akaunti inayotozwa, yaani mwajiri wako. Mjulishe leo kwa maandishi.

Mweka Hazina
Ahsante sana, mzee wangu. Hakuna iliyolipwa hadi asubuhi hii, na barua imepokelewa kwa namba zote mbili. Hata hivyo mtia saini mwenzangu yuko safarini, na karani amesema zuio litakuwa la muda hadi saini yake ifike, bila kuniambia ni siku ngapi. Kesho nitarudi kumwona meneja, na fundi nimemwomba asubiri.