Hedifoni za kwenye daladala: zilizo wazi, za kuziba, au za kufuta kelele?

Kijana wa Pugu
Wakuu, salamu. Hedifoni zangu zimekufa upande mmoja, mwisho wa mwezi nachukua nyingine. Nasikiliza zaidi nikiwa kwenye daladala kwenda na kurudi kazini. Dukani nimeonyeshwa zenye matundu nyuma, za kufunika sikio lote, na vile vidogo vya kuchomeka ambavyo muuzaji anasema vinafuta kelele. Nichukue zipi?

Mama Nasra
Umetuficha mengi, mwanangu. Una shilingi ngapi? Simu yako ina tundu la waya? Unakaa njiani saa ngapi, na ukishuka unatembea au unadaka bodaboda? Bila hayo kila mtu atakutajia anazozipenda yeye.

Dj Mstaafu
Chukua za matundu, usihangaike. Sauti yake ina nafasi, unasikia kila chombo kimekaa mahali pake. Na ni salama kwa sikio, maana sauti haibanwi ndani, inatoka nje.

Fundi Redio
Mkuu Dj, kuhusu utamu wa sauti nakubali kabisa. Chumbani usiku, za matundu hazina mpinzani. Lakini matundu yanayotoa sauti nje ndiyo hayo hayo yanayoingiza muungurumo wa injini na honi. Atakachofanya ni kupandisha sauti mpaka muziki uishinde injini, na hapo usalama umeisha. Sikio linaumizwa na ukubwa wa sauti na muda linaokaa nayo. Iwe imebanwa au haikubanwa, haibadilishi kitu.

Kijana wa Pugu
Samahani Mama Nasra, nilikuwa na haraka. Bajeti ni laki na ishirini, ikizidi kidogo nitajibana. Simu haina tundu la waya. Natoka Gongo la Mboto hadi Posta, na kwa foleni ya Barabara ya Nyerere kwenda na kurudi ni kama saa 3 kwa siku, siku 5. Nikishuka natembea na kuvuka barabara. Nasikiliza mawaidha na habari kuliko muziki.

Fundi Redio
Sasa tunaweza kuongea. Shirika la Afya Duniani na wenzao wa mawasiliano wa ITU wanatumia kipimo hiki kwa mtu mzima: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatika nusu. Kwa hiyo 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5.

Wewe kwa wiki una saa 15 njiani. Tuseme ndani ya gari kelele ni desibeli 80. Ukivaa za matundu na kutaka kila neno la mawaidha lisikike, utajikuta unakaribia 89. Posho yako ya wiki nzima inaisha Jumanne jioni, na bado Jumatano, Alhamisi na Ijumaa unasafiri. Ukivaa zinazoziba sawasawa, kelele inashuka vya kutosha kukuwezesha kusikiliza chini ya 80 na maneno yakaeleweka. Kwa hiyo uzibaji ndio ununue kwanza. Kufuta kelele ni nyongeza juu yake.

Mkazi wa Rongai
Hapa kwetu shida si injini, ni spika za matatu yenyewe. Nina zile za kufuta kelele na nyimbo za dereva bado nazisikia vizuri tu. Nimeuziwa hewa?

Fundi Redio
Hapana, kaka, ndivyo zilivyo. Zinafanya kazi yake bora kwenye sauti nzito inayokwenda mfululizo, kama injini, jenereta au feni. Maikrofoni inasikia mvumo, kifaa kinatengeneza wimbi la kinyume chake, viwili vinauana. Sauti kali za juu na za ghafla, kama honi, konda anayeita abiria au mwimbaji, huzuiwa zaidi na mpira uliokaa vizuri sikioni. Jaribu vipira vya saizi nyingine. Ukivaa na besi ikasikika nyembamba, ujue kuna mwanya.

Mpemba wa Ilala
Kijana, kabla hujatoa hela nisikilize. Mwaka jana nilinunua vya kuchomeka kwenye duka moja mjini, sitalitaja. Boksi zuri, limeandikwa ENC kwa herufi kubwa, na muuzaji akaniapia kwamba hiyo ndiyo ya kufuta kelele. Nikavaa hapo hapo, akaniwekea muziki mkubwa, nikaona mambo safi. Kesho yake nimekaa siti ya nyuma juu ya injini, nabonyeza kitufe, sauti ya kike inaniambia imewashwa, na mngurumo uko pale pale. Nikarudi, jamaa akasema labda masikio yangu yana tatizo. Kijana mmoja fundi simu ndiye aliyenieleza kwamba ENC inasafisha sauti yako kwa yule unayempigia simu. Wewe mvaaji huongezewi chochote. Inayotakiwa ni ANC. Na hata iliyoandikwa ANC, ijaribu bila muziki. Simama karibu na jenereta au feni inayozunguka, vaa, washa, zima. Kama ni ya kweli mvumo unapungua papo hapo. Usipoona tofauti, rudisha boksi juu ya meza.

Dj Mstaafu
Hilo la ENC sikulijua, ahsante. Ila bado nauliza, barabarani atasikiaje bodaboda inayokuja upande usio wake akiwa ameziba masikio yote?

Mama Nasra
Hilo ni swali la maana. Mimi ni nesi, na hapo nakuunga mkono. Ukishuka, vua. Kama zina hali ya kupitisha sauti ya nje, sawa, lakini usivuke barabara kwa kuitegemea hiyo.

Lingine, joto la Dar na vipira vya sikioni havipatani. Jasho likikaa ndani sikio huanza kuwasha, wengine hupata fangasi. Futa vipira, na sikio likiwa na maji usichomeke kitu. Na ukishuka garini masikio yakawa yanavuma, au watu wanasikika kama wameziba mdomo kwa kitambaa, sauti ilikuwa kubwa mno. Hali hiyo huweza kupita ikarudi kawaida, lakini vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena. Sikio moja likizima ghafla, hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri liachie lenyewe.

Mkazi wa Rongai
Na zile zinazokaa kwenye mfupa mbele ya sikio? Binamu yangu anasema haziwezi kuharibu masikio kwa sababu hazigusi ngoma.

Fundi Redio
Zinapitia mfupani lakini zinafika kule kule kwa ndani, na ndiko kunakoharibika. Kwa kutembea ni nzuri, unasikia barabara. Ndani ya daladala sikio limebaki wazi, utapandisha sauti kama yule wa matundu.

Kijana wa Pugu
Basi nimebakiza mbili: za kufunika zisizo na ufutaji, au za kuchomeka zenye ANC. Jumamosi naenda Kariakoo kujaribu kwenye jenereta kama Mpemba alivyosema.

Mpemba wa Ilala
Za kufunika, daladala ikijaa mnasimama kichwa kwa kichwa, zitasukumwa. Na dirishani zinavutia mkono wa mtu.

Dj Mstaafu
Za kuchomeka nazo zikidondoka kwenye msongamano huo huzioni tena. Za kufunika angalau zinashika shingo.

Bi Miwani
Nadandia hapa hapa. Mimi navaa miwani, na za kufunika zinaacha mwanya pale mkono wa miwani unapopita, mngurumo wote unaingia. Kuna aliyepata zenye sponji laini ya kuziba hapo bila kubana kichwa?