Leseni imeisha, mwanya umeonekana: muuzaji wa plagini ana wajibu gani?

Mtoa mada: Nauza plagini ya kuunganisha duka la WooCommerce na M-Pesa, sh. 60,000 kwa mwaka kwa tovuti moja. Nimegundua mwanya wa usalama nikauziba kwenye toleo 3.2. Je, ni lazima niwape na ambao hawakulipia tena?

Fundi Mbagala: Hapana. Leseni ya mwaka ni ya mwaka. Ukiwapa bure, mwakani atalipa nani?

Kijana wa Kodi: Plagini za WordPress ziko chini ya leseni huria ya GPL, kwa hiyo ni lazima uwape wote.

Mama Duka: Mimi nilinunua themu iliyokuja na plagini ya slaidi ndani yake. Mwenye themu ananituma kwa mwenye plagini, naye anasema sina leseni. Nani anisaidie?

Bi Asha: Mama, mdai mwenye themu. Leseni ya plagini hiyo ni yake, wewe hukuinunua, na toleo jipya linakufikia pale tu anapoliweka kwenye themu. Jambo hili limeshaumiza watu. Februari 2014 wenye plagini ya slaidi iitwayo Slider Revolution walitoa toleo 4.2 lililoziba mwanya mkubwa, ila kimyakimya. Waliokuwa nayo ndani ya themu walibaki na toleo la zamani, na Desemba Google ikafungia zaidi ya tovuti 11,000 zilizoshambuliwa kwa njia hiyo.

Kijana, GPL inampa mwenye nakala haki ya kuibadilisha na kuigawa. Haimlazimishi muuzaji kutoa toleo lijalo wala kujibu simu za wateja.

Mtoa mada, kisheria soma masharti yako. Mimi lakini ningewapa, maana kosa liko kwenye kodi ya programu uliyowauzia, halikuzaliwa siku leseni ilipoisha. Usiwape 3.2 yenye vitu vipya. Chukua toleo walilo nalo, tuseme 2.4.1, ziba mwanya peke yake, uite 2.4.2. Kisha rekebisha seva yako ya leseni iruhusu faili hilo hata kwa namba iliyoisha muda. Usipofanya hivyo, mteja ataona toleo jipya lipo na chini yake `Automatic update is unavailable for this plugin.`, aishie hapo.

Fundi Mbagala: Kwa mwanya, sawa, nakubali. Lakini simu zao asipokee.

Bi Asha: Hapo tuko pamoja. Msaada ni saa za mtu, na saa hizo zinalipiwa.

Mtoa mada: Wapo wateja 9 wako 1.8, ya miaka minne iliyopita. Kodi yake siitambui tena, na niko peke yangu.

Bi Asha: Waandikie barua pepe leo waizime, kabla hujatangaza mwanya. Ila kuwapa 3.2 bure au kuwauzia, hapo mimi mwenyewe nasita.

Fundi Mbagala: Awauzie nusu bei.

Kijana wa Kodi: Auze dawa ya kosa lake mwenyewe?