Tupeane uzoefu: andiko la kuombea cherehani za kikundi, ninyi mliandika nini?

Mama Nkuhungu
Mbukwenyi. Tuko wanawake 11, tunashona sare za shule hapa Nkuhungu. Kuna mfadhili anatoa ruzuku ya vifaa, anataka andiko la kurasa nne. Pale kwenye maelezo ya tatizo tumeandika kuwa wanachama ni maskini, tunaomba cherehani 10. Binti yangu kasoma akaniuliza, "Mama, umaskini unatibiwa na cherehani 10 au 12?" Nikakosa jibu. Waliowahi kuandika, nisaidieni.

Kaka wa Bahi
Unajisumbua bure, mama. Nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, kuna asilimia 10 ya halmashauri. Wanawake wana 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Sisi tulichukua tukanunua bodaboda.

Mama Nkuhungu
Huo ni mkopo, mwanangu. Hauna riba lakini unarudishwa. Mimi nauliza ruzuku.

Shangazi Kongwa
Dada, andiko letu la kwanza lilikuwa kama lako, likarudi. La pili tulianza na daftari.

Tulikuwa na cherehani sita za kukanyaga na hatuna ovaloki. Kila sketi na kaptula tuliipeleka kwa jirani kupigwa ovaloki, shilingi 500 kwa nguo. Kuanzia Novemba mpaka Januari tukaandika kila nguo iliyotoka na siku iliyorudi. Zilikuwa nguo 240, yaani shilingi 120,000. Nikafurahi, nikadhani hoja nimeipata. Mwalimu mstaafu aliyekuwa akitusomea akatoa profoma ya ovaloki, shilingi 1,400,000, akasema: kwa akiba hiyo, misimu zaidi ya kumi ndipo mashine ijilipe. Nani atakupa?

Tukarudi kwenye daftari, safari hii tukatazama tarehe. Nguo zilikuwa zinalala kwa jirani siku mbili hadi nne, maana naye anamaliza za kwake kwanza. Januari ileile shule moja ilitaka jozi 90 kwa wiki moja, tukakataa. Kwa bei zetu, baada ya kutoa kitambaa na uzi, jozi moja inatuachia 6,000. Zile 90 ni 540,000, zimeondoka kwa oda moja. Hasara yetu kubwa ilikuwa foleni, ile mia tano ni ndogo.

Basi tatizo likaandikwa kwa aya moja: tunashona sita, tunakwama kwa mmoja. Tuliomba ovaloki moja na pasi moja. Tukapata.

Fundi Mpwapwa
Hongera, ila mlijipunja. Mfadhili hukata siku zote. Omba 10 akupe tano.

Shangazi Kongwa
Kukata wanakata, hilo kweli. Lakini walikuja kututembelea wakauliza kila mashine atakaa nani. Ukiomba 10 na wanaojua kushona ni wanne, utajibu nini?

Bibi Fulana
Sisi tulimlipa kijana wa steshenari atuandikie. Likatoka zuri, lina jalada la rangi. Ukurasa wa tatu linasema wanachama wetu "wanaoishi kando ya ziwa hutegemea dagaa." Tuko Kondoa! Tulishalituma.

Fundi Umeme Ihumwa
Naongeza moja. Kikundi cha mke wangu walipata mashine za kiwandani, zikakaa kwenye maboksi miezi mitano kwa sababu chumba hakikuwa na waya wala soketi, na bajeti ilikuwa ya mashine tu. Andikeni kufunga umeme, meza na mafuta ya mashine. Pia ulizeni dukani mota ni ya aina gani. Ile ya klachi inazunguka muda wote hata hushoni, Luku inaisha. Ya servo inakula unapokanyaga.

Fundi Mpwapwa
Umeme ukikatika je? Mimi nabaki na kukanyaga.

Fundi Umeme Ihumwa
Ovaloki ya kiwandani ya kukanyaga utaipata wapi? Za kushonea bakini nazo, sawa.

Shangazi Kongwa
Na waliuliza swali lililotukalisha kimya: mwanachama akiolewa akahamia Singida, mashine inabaki ya nani? Ilibidi tuitishe kikao, tuongeze kipengele kwenye katiba kuwa vifaa ni vya kikundi, na muhtasari wenye sahihi tukauambatisha.

Mama Nkuhungu
Nimefungua daftari letu usiku huu. Ovaloki tunayo, mbovu mbovu lakini inatembea. Kinachotuchelewesha ni matundu ya vifungo vya mashati, anayafanya mama mmoja kwa mkono, na macho yake yanachoka ikifika saa kumi. Kesho naanza kuandika tarehe.

Ila nimeona jingine. Kwenye andiko lote tumejiita ushirika, na cheti tulichopewa na halmashauri kinasema kikundi. Tubadilishe andiko, au twende Tume ya Ushirika kusajili upya? Mwisho wa kupokea maandiko ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Bibi Fulana
Badilisha andiko. Kusajili hakumalizwi wiki moja.

Kaka wa Bahi
Lakini tangazo lao limesema ushirika au kikundi?