Eti "goli halijawahi kumfuata mtoto"!

MamaWaForest: Nimerudi sasa hivi kutoka uwanja ule ambao Mbeya nzima inaujua, na yule bwana anayeulinda kana kwamba aliurithi kwa babu yake nanyi mnamjua. Watoto wawili walikuwa wakibembea kwenye mtambaa wa panya wa lile goli la chuma lisilofungwa popote, na kila walipojirusha mbele, bomba la nyuma lilinyanyuka kutoka ardhini. Nikawashusha, kisha nikamwomba kwa adabu alifunge. Akajibu mbele ya wanangu: "Mama, goli halijawahi kumfuata mtoto." Goli halijawahi kumfuata mtoto! Likimwangukia kichwani, tutakaa kikao kuchunguza nani alimfuata mwenzake?

Kijana_Mwanjelwa: Pole sana, mama. Na goli lenyewe lilisemaje?

Mzee_wa_Soweto: Mnakuza jambo dogo. Wekeni mawe mazito kwenye miguu ya nguzo za mbele, basi.

FundiBomba: Mzee wangu, shikamoo. Mawe yanafaa, ila mahali ulipoyaweka hapafai. Goli huangukia mbele likizungukia miguu hiyo hiyo, kwa hiyo mzigo wa hapo hauzuii kitu. Uzito unatakiwa kwenye bomba la nyuma. Chukulia goli la kimo cha mita 2 ambalo bomba lake la nyuma liko mita 1 kutoka kwenye nguzo: kila kilo 2 za mchanga zinazuia mvuto wa kilo 1 tu kule juu. Mfuko wa kilo 50 unaongeza kinga ya kilo 25, na watoto wawili wanaojirusha wanaweza kuzidi hapo. Vigingi virefu ni bora zaidi, lakini mvua zikilowesha udongo vinalegea, hivyo vikaguliwe kila kabla ya mchezo. Watu wazima wauvute mtambaa wa panya kutoka mbele, wengine wakilishikilia goli lisije likawaangukia. Bomba la nyuma likinyanyuka, mechi isianze. Mchezo ukiisha, magoli mawili yakutanishwe uso kwa uso na kufungwa mnyororo wenye kufuli.

MamaWaForest: Ndaga, fundi. Mchanga nitaubeba hata kichwani, lakini kauli ile mbele ya wanangu nitaifunga kwa mnyororo gani?

Kijana_Mwanjelwa: Mnyororo wenyewe utakesha? Wauza vyuma chakavu watafika kabla ya jogoo.

FundiBomba: Hapo sina jibu. Magoli ya kuchimbia na kumwagia zege hayaibiki kirahisi, ila uwanja wenu hutumika pia kwa mikutano, na watataka yahamishwe.

Mnyalukolo: Nyinyi mnalia na goli lililosimama? Huku Iringa wanafunzi wa udereva wanarudi kinyumenyume katikati ya watoto wanaocheza, na mwalimu wao yuko kivulini anakula mahindi.

Mzee_wa_Soweto: Afadhali gari lina honi. Kwetu ni pikipiki, tena jioni, tena bila taa.